Ukisahau kufuli ya simu usiizime: yaliyompata mama wa Coventry

Jumapili moja ya mwezi Septemba 2025, kabla ya saa nne asubuhi, tulipigiwa simu na mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Tanga, anayefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Coventry, hapa Uingereza. Alikuwa akipiga kwa simu ya binti yake. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Kaka, simu yangu imenifungia nje. Mna masikhara nyinyi watu wa kompyuta, lakini leo nisaidieni bila masikhara."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Usiku wa Jumamosi, Septemba 13, walikuwa na wageni, na mtoto wa mgeni mmoja alikuwa ameshaujua mchoro wa kufungulia simu yake kwa kumwangalia tu vidole. Wageni walipoondoka, mama akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha ule mchoro, akachora mwingine mara mbili kama simu inavyodai, akalala. Asubuhi mchoro mpya haukuwemo kichwani. Alama ya kidole alikuwa ameifuta zamani kwa sababu sabuni na dawa za kazini zimemkwangua ngozi, na simu haimsomi tena.

Kwa kawaida mtu angemwambia pole, nunua simu nyingine. Lakini ndani ya simu ile, aina ya Samsung Galaxy ya bei ya kati, mlikuwa na mambo ambayo hayanunuliki. Baba yake alifariki mwezi Julai mwaka huohuo. Kabla ya kufariki, mwezi Mei, alimtumia bintiye ujumbe wa sauti kadhaa kwa WhatsApp, akimtajia mipaka ya shamba la minazi karibu na Pangani, mti kwa mti, na nani aliyemuuzia upande wa bondeni. Karatasi ya mauziano ilikuwa imepigwa picha kwa simu hiyohiyo. Sasa mjomba mmoja anadai upande ule ni wake, na shauri limeshafika Baraza la Kata. Aidha, mama huyo alikuwa amerekodi kwa kinasa sauti cha simu vikao viwili vya ukoo, akiwa ameweka simu ya pili kwa sauti kubwa mezani.

Tulimuuliza swali moja kabla ya yote: "Je, umeizima simu tangu asubuhi?"

Akasema hapana, ila binti yake alikuwa anataka kuizima na kuiwasha, maana kompyuta ikigoma ndivyo watu wanavyofanya. Tukamwambia amzuie binti, na aiweke simu kwenye chaji hapo hapo. Ilikuwa imebaki na asilimia 31.

KWA NINI ISIZIMWE

Hapa inabidi tueleze kidogo, kwani ndipo wengi wanapoharibu kabla hata ya kuomba msaada.

Watu wengi hufikiri kufuli ya simu ni kama pazia mlangoni: vitu vipo vilevile nyuma yake, na fundi mjanja anaweza kupita dirishani. Ilikuwa karibu na hivyo kwenye simu za zamani. Kwenye Android za hadi toleo la 4.4, ukikosea mchoro mara tano ulikuwa unaletewa kitufe cha kuingia kwa akaunti yako ya Google, na ukiingia unachora mchoro mpya. Njia hiyo iliondolewa katika toleo la 5. Baadaye, kuanzia toleo la 7 la mwaka 2016, Android ilileta utaratibu wa kufumba kila faili kwa ufunguo wake, na simu zote zilizotoka kiwandani na toleo la 10 la mwaka 2019 au la baadaye zinalazimika kufuata utaratibu huo.

Maana yake ni kwamba picha zako hazikai ndani ya simu kama picha. Zinakaa kama uji wa herufi usiosomeka, na ufunguo wa kuzirudisha kuwa picha hupatikana kwa kuunganisha vitu viwili: siri iliyomo ndani ya chipu ya simu yenyewe, na mchoro au namba unayoiweka wewe. Bila mchoro, ufunguo haukamiliki. Ndiyo maana hata mtu akiing'oa kumbukumbu ya simu na kuisoma kwenye mashine nyingine, atasoma uji tu. Na chipu ndiyo inayohesabu makosa yako: ukikosea mara tano inakuambia usubiri sekunde 30, na ukiendelea kukosea muda unarefushwa. Mchoro wa nukta tisa unaweza kuchorwa kwa namna 389,112. Kujaribu zote kwa mwendo huo si kazi ya wiki wala ya mwaka.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya simu iliyofungwa na simu iliyofungwa baada ya kuzimwa. Ukiwasha simu na kuifungua mara ya kwanza, ufunguo hukamilika na simu huushika katika kumbukumbu yake ya muda. Skrini ikijifunga baadaye, ufunguo ule haupotei. Ndiyo sababu simu iliyo mfukoni, skrini ikiwa imefungwa, bado inapokea ujumbe wa WhatsApp na kuonyesha jina la anayepiga. Programu zako ziko ndani, zinafanya kazi, ila wewe mwenyewe ndiye uliye nje. Ukiizima, ufunguo unafutika, na simu ikiwaka tena ni kama nyumba ambayo hata wafanyakazi wake wamefungiwa nje.

Kujua uko upande gani ni rahisi, wala hakuhitaji fundi. Ipigie simu hiyo kwa namba ambayo jina lake limehifadhiwa ndani. Likitokea jina, ufunguo bado umo. Ikitokea namba tupu, simu imezimwa na kuwashwa tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho, kwani daftari la majina nalo limefumbwa. Binti alipiga. Skrini ikaandika "Mwanangu Zawadi ya Mungu", na mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Hata hivyo muda haukuwa mwingi. Tangu Aprili 2025 Google imeanza kuziwekea simu za Android utaratibu wa kujiwasha upya zenyewe zikikaa siku tatu mfululizo bila kufunguliwa. Simu za iPhone zina kitu cha namna hiyo tangu mwaka 2024. Kwa hiyo tulihesabu kutoka Jumamosi saa tano usiku, tukajua tuna mpaka Jumanne usiku.

KUINGIA KWA MLANGO WA GOOGLE

Kwa kuwa programu zilizomo ndani zilikuwa bado zinafanya kazi, hatukuhitaji kuingia sisi. Tulihitaji zenyewe zitoe vitu nje. Simu nyingi za Android hutuma nakala ya picha kwenye Google Photos, na WhatsApp hutuma nakala ya mazungumzo kwenye akaunti ya Google usiku wa manane, simu ikiwa kwenye Wi-Fi. Kazi hiyo haingoji skrini ifunguliwe.

Tukamwambia binti afungue kompyuta yake na aingie kwenye akaunti ya mama. Nenosiri alilikumbuka, lakini Google ikatuma swali kwenye simu ileile iliyofungwa: je, ni wewe? Kulijibu kunahitaji kufungua simu. Watu wengi hapa hukata tamaa. Tukamwelekeza achague njia nyingine ya kuthibitisha, na katika orodha iliyojitokeza akachagua kupigiwa simu. Simu iliyofungwa haikuzuii kupokea simu. Ikalia, mama akapokea, sauti ya mashine ikamsomea tarakimu, binti akaziandika, mlango ukafunguka.

Kwanza akaenda photos.google.com. Picha ya mwisho iliyokuwemo ilikuwa ya Machi 11. Halafu akaenda drive.google.com, sehemu ya hifadhi, mahali panapoandikwa nakala za akiba. Nako nakala ya WhatsApp ilikuwa ya tarehe hiyohiyo ya Machi. Ujumbe wa baba ulikuja Mei. Karatasi ya shamba ilipigwa picha Juni. Hakuna kilichokuwemo.

Sababu ilikuwa imeandikwa juu ya ukurasa kwa rangi nyekundu: hifadhi imejaa. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya jigabaiti 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Zamani nakala za WhatsApp hazikuhesabiwa humo. Google na WhatsApp walibadilisha jambo hilo katika nusu ya kwanza ya 2024, na watu wengi hawakuona tangazo. Mama huyu yumo katika makundi sita ya harusi na misiba. Video za ngoma na keki ndizo zilizokula nafasi, na tangu Machi simu ilikuwa inajaribu kutuma kila usiku na kukataliwa, bila yeye kujua.

Binti alitaka kufuta video za harusi kutoka kwenye Google Photos ili kupata nafasi. Tukamsimamisha kwa haraka, maana hapa kuna mtego: picha iliyokwisha kunakiliwa, ukiifuta kwenye tovuti ya Google Photos, inafutwa pia kwenye simu iliyounganishwa na akaunti hiyo. Usifute kitu huko ukiwa huna hakika. Kilicho salama zaidi ni kufuta barua pepe zenye viambatanisho vikubwa na kumwaga pipa la taka la barua pepe, au kulipia nafasi zaidi kwa mwezi mmoja. Walilipia jigabaiti 100, ambazo ziligharimu pauni chache tu, wakaghairi baadaye.

Kisha tukawaambia wafanye jambo gumu kuliko yote, nalo ni kutofanya chochote. Simu ikaachwa kwenye chaji, karibu na kifaa cha Wi-Fi cha nyumbani ambacho simu inakijua, na hakuna mtu kuigusa.

Jumatatu asubuhi binti alitupigia kabla ya kwenda chuoni. Kwenye photos.google.com picha zilikuwa zimeanza kuingia, za Aprili, za Mei. Nakala ya WhatsApp bado iliandikwa Machi. Tukasema subirini. Jumanne asubuhi tarehe ilikuwa imebadilika: Septemba 16, na ukubwa wake ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili. Karatasi ya mauziano nayo ilikuwa imeingia, sahihi na dole gumba vikisomeka.

Tunasema wazi kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Ingekuwa mama hajawahi kuwasha nakala ya WhatsApp, kujaa au kutojaa kwa nafasi kusingesaidia kitu, kwani kuiwasha kunataka kuingia ndani ya programu. Ingekuwa simu imezimwa Jumapili ile asubuhi, vivyo hivyo. Fundi mmoja wa Mombasa tunayemtegemea kwa mambo haya, aliyekaa miaka mingi nyuma ya meza ya simu, alituambia kati ya wanaomjia wengi wameshaizima na kuiwasha mara tatu kabla ya kufika dukani.

Yeye ndiye aliyetukumbusha pia kuhusu wenye kompyuta iliyozoeana na simu. Kijana aliyewahi kuwasha utatuzi wa USB na kuiruhusu kompyuta yake kabla ya kusahau kufuli anaweza kuchomeka waya na kunakili picha skrini ikiwa imefungwa, mradi simu haijazimwa. Amri ni hizi:

```
adb devices
adb pull /sdcard/DCIM
adb pull /sdcard/Android/media/com.whatsapp
```

Amri ya kwanza ikijibu `device`, endelea. Ikijibu `unauthorized`, kompyuta hiyo haikuruhusiwa, au ruhusa imekwisha muda, na huwezi kuiomba upya bila kufungua skrini. Mama wa Coventry hakuwa na hicho, na watu wengi hawana.

KUTHIBITISHA KABLA YA KUFUTA

Kuona tarehe mpya kwenye Google si sawa na kusikia sauti ya marehemu. Tulimshauri asikubali simu yake ifutwe mpaka nakala ile ifunguliwe kwenye simu nyingine na kusikilizwa.

Mpangilio wa hatua hapa una maana. Ukisajili WhatsApp kwenye simu mpya kwa namba ileile, WhatsApp ya simu ya zamani inatoka, na kompyuta zote zilizokuwa zimeunganishwa nayo zinatoka pia. Mwenye WhatsApp kwenye kompyuta, ambayo huendelea kufanya kazi hadi siku 14 simu ikiwa haipatikani, achote kwanza humo kila anachokihitaji, kila sauti na kila picha, ndipo ahamishe namba. Tumeona aliyehamisha kwanza, akarudi kwenye kompyuta akakuta ukurasa mtupu wenye mraba wa kuchanganua.

Jumanne jioni, baada ya nakala ya pili kuonekana, walichukua simu ya zamani ya binti, iliyokuwa imekaa kabatini. Waliingiza kwanza akaunti ya Google ya mama, kisha wakahamisha laini. Laini tuliiacha hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya simu hujiwasha upya ukichomoa kijisahani chake. WhatsApp ikaulizwa namba, ikapata tarakimu zake kwa meseji, na ikasema imeona nakala. Hapo lazima ubonyeze kurejesha. Ukiruka, unaanza na ukurasa mweupe, na mbaya zaidi, usiku utakapofika programu inaweza kutuma nakala hiyo mpya tupu juu ya ile ya zamani. Na aliyewahi kuifunga nakala yake kwa nenosiri la pekee, au kwa ule ufunguo wa tarakimu 64, ataulizwa hapo. Mama hakuwa ameweka.

Maandishi yalirudi kwanza. Sauti zilifuata taratibu, ikachukua zaidi ya saa nzima. Tulikuwa kwenye simu na binti wakati mama alipobonyeza ujumbe wa kwanza wa Mei. Tulisikia kikohozi cha mzee, halafu akaanza kutaja mwembe ulio njia panda. Binti akatuambia atatupigia baadaye, akakata.

KILE AMBACHO KUFUTA KUNAKIFUTA

Tufike sasa kwenye duka. Maana kabla ya kutupigia sisi, mama alikuwa amepita kwenye duka moja la simu mtaani kwake. Kijana wa hapo akamwambia pauni 40, simu itafunguka, na hakuna kitakachopotea. Kitu fulani kikamtia shaka, akarudi nyumbani. Hatutalitaja duka lenyewe, na wala si peke yake. Maneno hayo tumeyasikia Dubai, Nairobi na Minneapolis.

Anachofanya fundi wa namna hiyo kwa simu ya kisasa ni kitu kimoja, hata akiite kuflashi au kufungua au kusafisha. Anaizima, anaichomeka kwa waya kwenye kompyuta, anashikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha pembeni, na inatokea menyu nyeusi yenye maneno `Wipe data/factory reset`. Akikubali, simu inarudi ilivyotoka kiwandani. Kweli imefunguka. Ila imefunguka kwa sababu haina tena cha kufungia.

Na kufuta huku si kama kufuta picha, ambayo huweza kubaki siku kadhaa kwenye pipa la taka. Simu inatupa zile siri zilizotumika kutengeneza ufunguo. Hata kama uji wa herufi ungebaki mahali fulani ndani ya kumbukumbu, hakuna tena kitu duniani cha kuurudisha kuwa picha, na mchoro wako ukiukumbuka kesho haufai kitu. Zile programu zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kurudisha picha baada ya simu kufutwa zilikuwa na maana kwenye simu zisizofumbwa za miaka ya nyuma. Kwa simu ya leo unalipia bure. Kitufe cha kufuta kilichoko kwenye tovuti ya Google ya kutafuta simu iliyopotea nacho ni kufuta huko huko. Hakikupi mchoro mpya.

Vinavyopona ni vile ambavyo havikuwa ndani ya simu. Picha zilizokwisha fika Google Photos zinabaki huko. Majina yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google yanabaki, lakini yale yaliyohifadhiwa kwenye simu yenyewe yanakwenda, na kwenye simu nyingi mtu hajui yake yako wapi mpaka aangalie contacts.google.com. Kadi ndogo ya kumbukumbu inayochomolewa haiguswi, na unaweza kuisoma kwenye kifaa kingine, isipokuwa kama iliunganishwa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani au ilifumbwa kwa makusudi. Pesa za M-Pesa hazimo ndani ya simu, zimo kwenye akaunti ya namba yako. Kinachopotea ni zile meseji za uthibitisho, na taarifa ya miamala inaombwa kwa kampuni ya simu. Telegram hubaki kwenye mitambo yake, ukiacha mazungumzo ya siri. Signal, ambayo wenzetu wengi wa habari huitumia, inakwenda yote kama mwenyewe hakuandaa nakala.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Android hutengeneza pia nakala ya jumla ya simu, yenye meseji za kawaida, orodha ya simu zilizopigwa na data za programu. Binti aliiona kwenye orodha na akafurahi. Lakini tangu toleo la 9 la mwaka 2018, sehemu ya nakala hiyo imefungwa kwa kufuli ileile ya skrini. Ukiirejesha kwenye simu mpya inakuuliza mchoro wa simu ya zamani, na inakuruhusu kukosea mara chache tu. Mtu aliyesahau mchoro amesahau na ufunguo wa akiba yake. Meseji za mama za miaka mitatu, zikiwamo za kumlipa mlinzi wa shamba, hazikupatikana kwa njia hiyo.

Na baada ya kufuta, simu haikukabidhi tu. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa menyu nyeusi inadai kwanza akaunti ya Google iliyokuwemo, ili mwizi asiitumie. Aliyesahau na nenosiri la Google anabaki na kipande cha kioo. Kama umebadilisha nenosiri hilo hivi karibuni, Google inashauri usubiri saa 24 kabla ya kufuta simu.

VIKAO VIWILI

Wenye iPhone wana njia yao katika kisa cha namna hii. Kuanzia iOS 17 ya mwaka 2023, aliyebadilisha namba ya siri na kuisahau anaweza kutumia ile ya zamani kuweka mpya, ndani ya saa 72 tangu abadilishe. Zaidi ya muda huo, nako ni kufuta tu na kurejesha kutoka iCloud. Mtu asidanganywe na habari za FBI, ambao mwaka 2016 waliwalipa watu wa nje wakafungua iPhone 5c ya mshambuliaji wa San Bernardino. Vifaa vya namna hiyo huuzwa kwa polisi na serikali, si kwa mama mwenye shamba la minazi.

Tulichoshindwa ni vile vikao viwili vya ukoo. Kinasa sauti huhifadhi mafaili yake ndani ya simu. Google Photos haiyachukui kwa kuwa si picha, na WhatsApp haiyajui. Kama angekuwa amejitumia mwenyewe kwa WhatsApp siku ile ya kikao, yangepona pamoja na mengine.

Jumatano asubuhi binti aliipigia tena simu ile. Laini ilikuwa imeshahamia kwenye simu nyingine, kwa hiyo haikulia, lakini saa ya kuamsha ya mama ilikuwa imelia kwa mlio wa kawaida wa kiwandani badala ya adhana aliyoiweka. Tukaelewa kwamba simu imejiwasha upya usiku, na sasa hakuna kitakachotoka humo bila mchoro.

Mama hakukubali ifutwe. Anatumia ile ya binti. Tulimwambia akae na karatasi, achore nukta tisa mara nyingi, akumbuke alikuwa amekaa wapi usiku ule na alishika simu kwa mkono gani, na aandike michoro yote inayomjia kabla ya kuigusa skrini. Amepata minane. Alikuwa ameshakosea mara tisa Jumapili, na kwenye Samsung kuna mpangilio unaofuta simu yenyewe baada ya makosa 15 au 20 kulingana na toleo. Kwa kawaida huwa umezimwa, na kijana wake anaapa hakuuwasha, lakini hakuna njia ya kuhakikisha kutoka nje.

Amejaribu miwili tangu wakati huo. Sita iliyobaki imo kwenye bahasha, ndani ya droo, pamoja na simu.